Sonona, serotonini na vidonge vya fluoksetini: majibu kwa wasomaji

"Daktari, nimeambiwa ubongo wangu umepungukiwa serotonini. Naomba unielekeze nikapime wapi nijue imepungua kiasi gani. Je, nikila ndizi nyingi itarudi?" (Msomaji, Morogoro)

Usipoteze hela yako kwa kipimo hicho. Hakuna maabara, ya hapa kwetu wala ya Ulaya, inayoweza kuchukua damu yako na kukwambia ubongo wako una kiasi gani cha serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana ishara. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye ukuta wa utumbo, ambako inasaidia kusukuma chakula. Ile inayokutwa kwenye damu imetoka huko huko utumbo, ikabebwa na chembe sahani. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na serotonini haikivuki.

Kipimo cha mabaki ya serotonini kwenye mkojo kipo, lakini kazi yake ni nyingine kabisa: kutafuta aina fulani ya uvimbe, mara nyingi wa utumbo, unaomwaga serotonini kupita kiasi. Wanaokwenda kupimwa huambiwa waache ndizi siku chache kabla, kwa sababu ndizi ina serotonini ya kutosha kuvuruga majibu. Kwa hiyo uliyoyasikia kuhusu ndizi yana chembe ya ukweli, ila serotonini hiyo haifiki ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, ambayo tunaipata kwenye maharage, mayai, samaki na karanga. Anayekula mlo wa kawaida anapata triptofani ya kutosha, na akiongeza ndizi atashiba tu.

Aliyekwambia una sonona hakuipata maabara. Naamini alikuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili, mambo uliyokuwa unayapenda kama bado unayapenda, na kama umewahi kuwaza kufa. Akauliza pia kama hali hiyo imekaa kwa wiki mbili au zaidi. Ugonjwa huu unatambuliwa hivyo dunia nzima. Damu inaweza kupimwa kwa sababu nyingine, kuangalia kama tezi ya shingo inafanya kazi vizuri au kama una upungufu wa damu, maana hayo nayo humchosha mtu na kumwondolea furaha. Ukiambiwa upime hayo, pima.

"Sasa kama haipimiki, hii habari ya upungufu ilianzia wapi? Chuoni tunafundishwa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa." (Mwanafunzi wa uuguzi, Mombasa)

Ilianzia wodi ya kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View iliyoko Staten Island, New York, madaktari walikuwa wanajaribu dawa mpya za TB. Moja ilikuwa isoniazidi, ambayo mpaka leo utaikuta kwenye kila kliniki ya TB. Nyingine ilikuwa ndugu yake, iproniazidi. Wagonjwa waliopewa iproniazidi walianza kula, kucheka na kusumbua wauguzi kwa uchangamfu, na magazeti yakachapisha picha zao wakicheza wodini. Mapafu yao yalikuwa bado yana vidonda. Mwaka huo huo mwanakemia Albert Zeller aligundua kwamba iproniazidi inazuia kimeng'enya kinachoitwa MAO, ambacho kazi yake ni kuvunjavunja serotonini, noradrenalini na dopamini. Kemikali hizo tatu zinaangukia kundi la monoamini. Kufika 1957, Nathan Kline na wenzake walikuwa wanaitumia iproniazidi kwa watu wenye sonona wasio na TB.

Wakati huo huo huko Münsterlingen, Uswisi, Roland Kuhn alikuwa amepewa na kampuni ya Geigy dawa ya kujaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa. Mwaka 1956 akaijaribu kwa wenye sonona, na baadhi wakabadilika sana ndani ya wiki chache. Hiyo ndiyo imipramini, ambayo amitriptilini ya leo ni jamaa yake wa karibu. Baadaye ikajulikana, hasa kwa kazi za Julius Axelrod, kwamba imipramini inazuia noradrenalini isirudishwe ndani ya seli iliyoitoa.

Kipande cha tatu kilikuwa reserpini, dawa ya shinikizo la damu iliyotolewa kwenye mizizi ya rauvolfia, mmea wa tiba za asili za India. (Aina nyingine ya mmea huo huota Kongo, na magome ya mizizi yake yalisafirishwa kwenda viwandani kwa ajili ya reserpini.) Mwaka 1955 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba reserpini inamaliza akiba ya serotonini ndani ya ubongo wa mnyama. Madaktari nao walikuwa wanaripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wa presha wanaoitumia wanaingia kwenye huzuni nzito.

Yaweke pamoja uone jinsi hoja ilivyojengeka. Dawa mbili zinazoongeza monoamini zinainua moyo, na dawa moja inayozimaliza inaushusha. Kwa hiyo sonona ni upungufu wa monoamini. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut aliandika hoja hiyo akiipa noradrenalini nafasi ya kwanza, na 1967 Alec Coppen wa Uingereza akaivuta upande wa serotonini. Ilikuwa dhana nzuri ya kazi, na Schildkraut mwenyewe alisema wazi kwamba imerahisisha mno jambo lenye mambo mengi ndani yake. Iliwapa watafiti kitu cha kupima.

Ila angalia mwelekeo wake. Hakuna aliyeanza kwa kukuta upungufu ndani ya wagonjwa kisha akatafuta dawa ya kuujaza. Dawa zilipatikana kwa bahati, kazi yake ikajulikana, halafu ugonjwa ukadhaniwa kuwa kinyume cha kazi ya dawa. Na kile kipande cha reserpini hakikuwa imara tangu mwanzo. Mwaka huo huo wa 1955, Davies na Shepherd wa London walichapisha jaribio ambalo reserpini iliwasaidia wagonjwa wenye wasiwasi na sonona. Jaribio hilo lilisahaulika, kwa sababu halikukaa vizuri ndani ya hadithi iliyokuwa inajengwa. Mwambie mwalimu wako kwamba kinachofundishwa ni dhana, tena yenye umri wa miaka 60.

"Nina TB sugu na nimeandikiwa dawa mpya. Muuguzi alipoona natumia fluoksetini akasema tusimame kwanza. Kuna tatizo gani?" (Msomaji, Kigoma)

Muuguzi huyo anajua kazi yake. Kati ya dawa za TB sugu kuna linezolidi, na linezolidi inazuia kile kimeng'enya cha MAO, ingawa si kwa nguvu kama iproniazidi. Fluoksetini, dawa yako ya sonona, inazuia serotonini isirudishwe ndani ya seli, linezolidi inazuia isivunjwe, na zikikutana serotonini inaweza kuzidi hadi kuwa sumu. Dalili ni kutetemeka, jasho jingi, kuhara, misuli kukakamaa au kurukaruka, homa na kuchanganyikiwa. Na fluoksetini haiondoki upesi, inaweza kubaki mwilini hadi wiki tano baada ya kidonge cha mwisho. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Waache daktari wa TB na daktari wa afya ya akili wazungumze.

Tramado ya maumivu inaingia kwenye onyo hili pia. Wengi wanainunua dukani bila kumwambia muuzaji kwamba wanatumia dawa ya sonona.

"Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Ameanza fluoksetini miligramu 20, leo ni siku ya sita. Hajapata nafuu hata kidogo, na sasa ana kichefuchefu, halali, hatulii. Mama anasema aache. Nifanye nini?" (Dada mtu, Dodoma)

Dada yangu, kwanza kabisa muulize leo, wewe mwenyewe, kwa upole na kwa maneno ya wazi, kama anawaza kujidhuru. Kumwuliza hakumpandikizii wazo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo maalumu kwa watoto na vijana mwaka 2004, na 2007 ikalifikisha kwa wenye miaka mpaka 24, kwa sababu katika wiki za mwanzo za dawa hizi mawazo ya kujiua yaliongezeka kwa baadhi yao. Akisema ndiyo, au kutotulia kwake kumekuwa kwa namna ya kwamba hawezi hata kukaa kitini, mpeleke hospitali leo na usimwache peke yake. Angalia na hili: kama halali lakini haonekani kuchoka, anaongea mbio, ana mipango mikubwa na anatumia hela ovyo, rudini pia upesi, maana huenda ana ugonjwa wa hisia wenye pande mbili na dawa imemrusha upande wa pili.

Kama hayo hayapo, basi anachopitia siku ya sita ni cha kawaida, na nitakueleza kwa nini, maana ukielewa utaweza kumwambia na mama.

Seli moja ya neva hutoa serotonini kwenye mwanya mwembamba ulio kati yake na seli jirani. Ikishafanya kazi yake, protini maalumu iliyo kwenye ukuta wa seli ya kwanza huivuta na kuirudisha ndani. Fluoksetini huikalia protini hiyo, serotonini ikabaki mwanyani kwa muda mrefu zaidi. Hilo linaanza ndani ya saa chache baada ya kidonge cha kwanza. Kwa hiyo mdogo wako ana serotonini ya ziada kwenye mianya hiyo tangu siku aliyoanza, na utumbo wake nao, ambao nilishasema ndio wenye serotonini nyingi, umeshaisikia dawa. Kichefuchefu kinatoka huko. Kwa wengi kinapungua ndani ya wiki moja au mbili. Ameze asubuhi baada ya chai, asimeze jioni, na usingizi nao utapata nafasi.

Sasa tuangalie hilo la nafuu, ambalo ndilo linaloiweka dhana ya upungufu mahali pagumu. Kama sonona ingekuwa ni serotonini kupungua tu, kijana huyu angepata nafuu siku ile ile. Hapati. Wengi huanza kuona mabadiliko kati ya wiki ya pili na ya nne, na nafuu kamili huchukua muda mrefu zaidi.

Watafiti walitoa maelezo yafuatayo, hasa kutokana na kazi kwa panya. Seli zinazotengeneza serotonini ziko kundi dogo kwenye shina la ubongo, na zenyewe zina vipokezi vinavyohisi serotonini iliyo jirani. Ikizidi ghafla, vipokezi hivyo vinazifanya seli zipunguze kasi ya kutoa ishara. Kwa hiyo siku za mwanzo dawa inaongeza na seli zinapunguza. Baada ya wiki mbili au tatu vipokezi hivyo vinazoea, havishtuki tena, na seli zinarudi kwenye kasi yake huku dawa ikiendelea na kazi. Ni maelezo mazuri, na yanalingana na kalenda ya wagonjwa. Lakini yalipojaribiwa kwa binadamu, kwa kuongeza pindololi ambayo inaziba vipokezi hivyo, matumaini yakiwa ni kuharakisha nafuu, majibu hayakulingana. Baadhi ya majaribio yalionyesha nafuu ya mapema, mengine hayakuonyesha chochote.

Kundi la Catherine Harmer huko Oxford limeonyesha kitu kingine ambacho mimi nakipa uzito mkubwa. Ukimpa mtu dozi ya dawa hizi, hata moja, kisha ukamwonyesha picha za nyuso, namna anavyozisoma hubadilika kabla yeye mwenyewe hajahisi nafuu yoyote. Mwenye sonona huona dharau na huzuni hata pasipo nazo, na dawa inapunguza mwelekeo huo. Hisia zinafuata taratibu, kadiri mtu anavyokutana na watu na kuanza kuwasoma tofauti. Kama ni hivyo, kijana anayejifungia chumbani na kidonge chake ataichelewesha nafuu. Mtoe. Nenda naye sokoni, akae na wenzake, hata kama hataki sana.

Kumbuka pia kwamba fluoksetini hujikusanya mwilini polepole. Kiasi chake kwenye damu hakitulii mpaka baada ya mwezi hivi. Mpe mpaka wiki ya nne, ukimtazama kila siku. Ikifika hapo na hakuna hata dalili ndogo ya nafuu, rudini kwa daktari abadilishe mpango. Msikae miezi sita mkisubiri.

"Kimoja hakinitoshi. Nimeanza kumeza viwili mwenyewe, yaani miligramu 40. Nikifika vitatu si nitapona haraka?" (Msomaji, Nairobi)

Hapana, na kuna kipimo kinachoonyesha kwa nini. Jeffrey Meyer na wenzake huko Toronto walitumia picha za PET kuangalia, ndani ya ubongo wa wagonjwa, ni sehemu gani ya zile protini zinazorudisha serotonini imekaliwa na dawa. Kwa dozi ya kawaida ya chini, ambayo kwa fluoksetini ni miligramu 20, takriban asilimia 80 ilikuwa tayari imekaliwa. Majibu hayo yalichapishwa 2004. Ukiongeza dozi mara mbili au tatu unagombania ile sehemu ndogo iliyobaki, huku kichefuchefu, kukosa usingizi na kupungua kwa nguvu za tendo la ndoa vikiongezeka kwa kasi zaidi. Wapo wanaonufaika na 40, na daktari anaweza kukuandikia akishakupima. Kwa sasa mweleze ulichofanya, usimfiche.

"Mtandaoni wanasema utafiti wa 2022 umethibitisha serotonini haihusiani na sonona, kwa hiyo hizi dawa ni utapeli wa wazungu. Mimi natumia mwaka wa pili na zimenisaidia. Nimedanganywa?" (Msomaji, Zanzibar)

Nafuu yako si ya uongo. Tutenganishe mambo mawili ambayo mtandaoni yamechanganywa.

Julai 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walichapisha mapitio ya tafiti zilizokwisha kufanyika: za mabaki ya serotonini mwilini, za vipokezi, za jeni, na za kupunguza triptofani. Wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi unaokaa sawasawa wa kuonyesha sonona inaletwa na upungufu wa serotonini. Mwaka uliofuata kundi la wataalamu wengine likawajibu kwamba baadhi ya tafiti zimesomwa vibaya, hasa zile za triptofani. Niseme kidogo kuhusu hizo, kwa sababu zinafundisha zaidi ya mabishano yenyewe.

Mtafiti humpa mtu kinywaji chenye amino asidi nyingi, ila triptofani imeondolewa. Ndani ya saa chache triptofani ya damuni inashuka sana, na ubongo unakosa malighafi ya serotonini. Kama dhana ya upungufu ingekuwa kweli kama ilivyo, kila anayekunywa angeingia kwenye huzuni. Watu wazima wenye afya, wasio na historia ya sonona katika familia, kwa kawaida hawahisi kitu. Lakini Pedro Delgado na wenzake walipowapa kinywaji hicho, mwaka 1990, watu waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa, wengi wao dalili zilirudi kwa muda siku hiyo, kisha zikaondoka walipokula chakula cha kawaida. Kwa hiyo kushuka kwa serotonini peke yake hakutoshi kuleta sonona, lakini kwa aliyekwisha kuugua kunaweza kumrudisha nyuma. Aliyesema serotonini haihusiki kabisa amevuka mpaka wa ushahidi, sawa na yule aliyesema kila kitu ni serotonini. Mwaka 2022 pia, watafiti wa Imperial College walipima kwa PET utoaji wa serotonini kwa watu 17 wenye sonona, wakaona uko chini kuliko kwa wenye afya. Ni kundi dogo mno kujengea hoja kubwa, ila linakwambia mlango haujafungwa.

Jambo la pili ni kama dawa zinafanya kazi, na hilo halijibiwi kwa kubishana kuhusu chanzo. Maumivu ya kichwa hayaletwi na upungufu wa panadoli, na panadoli inayatuliza. Dawa hupimwa kwa kulinganisha kundi linaloimeza na kundi linalomeza kidonge cha bandia bila kujua. Mapitio makubwa zaidi ni ya Andrea Cipriani na wenzake, ya 2018: majaribio 522, watu zaidi ya 116,000, dawa 21. Zote 21 zilishinda kidonge cha bandia kwa watu wazima wenye sonona.

Ila zilishinda kwa kiasi gani? Hapa naomba usome taratibu, maana ukweli huu unawaudhi wanaozisifia dawa na wanaozipinga kwa pamoja. Kati ya watu 100 wanaopewa dawa, takriban 50 dalili zao zinapungua kwa nusu ndani ya wiki sita mpaka nane. Kati ya 100 wanaopewa cha bandia, ni kama 35 mpaka 40. Kwenye mizani ya alama 52 inayotumika sana, tofauti ya wastani ni kama alama 2. Wastani huo umewachanganya waliobadilika sana na wasiobadilika kabisa, na hatuna njia ya kujua kabla ya kuanza wewe utakuwa wapi. Kwa sonona nzito faida inaonekana wazi zaidi. Kwa ile nyepesi, tofauti na kidonge cha bandia ni ndogo sana, na mimi simwanzishii mtu dawa kwa hiyo kama kuna mtu wa kukaa naye na kuzungumza.

Kilichokuwa si kweli ni ile sentensi fupi, "una upungufu wa serotonini," iliyosambazwa sana na matangazo ya viwanda vya dawa Marekani baada ya fluoksetini kuidhinishwa huko mwishoni mwa 1987. Iliwapunguzia wagonjwa aibu, na hilo silidharau. Lakini iliwafanya wengine waamini kwamba hawatapona bila kujaziwa kitu maisha yao yote, na hilo linaniuma.

"Basi kama si upungufu huo, sonona inaletwa na nini?" (Msomaji, Mbeya)

Inaletwa na mambo mengi yanayokutana, na hayafanani kwa kila mtu: kurithi, kufiwa, kupigwa au kunyanyaswa utotoni, njaa ya muda mrefu, ugonjwa mwingine mwilini, uzazi, pombe. Mkazo wa muda mrefu hubadilisha homoni na namna seli za neva zinavyoungana. Mwaka 2021 kundi la Eero Castrén wa Helsinki lilionyesha kwamba dawa za sonona, pamoja na kazi yake kwenye serotonini, zinashika moja kwa moja kipokezi kinachosaidia seli za neva kukuza viungio vipya. Kazi hiyo ilifanyika maabara na kwa wanyama, ila inaelezea vizuri kwa nini nafuu inahitaji wiki. Halafu kuna ketamini, ile ya usingizi wa upasuaji, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa inainua hali ndani ya saa chache, na njia yake kuu ni glutamati, ambayo haimo kabisa katika kundi la monoamini.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko jirani yetu. Huko Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, Paul Bolton na wenzake waligawa vijiji 30 kwa kura. Katika vijiji vya kundi la kwanza, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, dakika 90 kila mara, wakiongozwa na mtu wa huko huko aliyefunzwa. Walizungumza kuhusu misiba, ugomvi wa nyumbani, na maisha yaliyobadilika. Hapakuwa na kidonge. Mwanzoni asilimia 86 ya kundi hilo walikuwa na sonona kamili, na mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganisha walitoka asilimia 94 wakabaki 54.7. Majibu yalitoka 2003. Yatazame na hayo ya vijiji vya kulinganisha: karibu wanne kati ya kumi walipata nafuu bila kikundi, kwa sababu sonona nayo hupanda na kushuka yenyewe. Ndiyo maana kila tiba lazima ilinganishwe na kitu.

"Nimepona kabisa, mwezi wa kumi sasa. Natumia sitalopramu 20. Nikiacha tarehe moja kuna shida?" (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Hongera, mama. Kuacha kunawezekana, ila isiwe kwa siku moja, wala wakati una msiba, kazi mpya au mimba.

Kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni sonona kurudi. Uingereza walifanya jaribio kwa watu waliokuwa vizuri wakiwa kwenye dawa ya muda mrefu, na majibu yakatoka 2021. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 56 ya walioachishwa ilirudi, dhidi ya 39 ya walioendelea. Utaona kwamba dawa inapunguza hatari bila kuiondoa, na kwamba zaidi ya wanne kati ya kumi walioacha walibaki salama. La pili ni mwili kuikosa dawa: kizunguzungu, hasira za ghafla, ndoto kali, na ile hisia ya kama shoti ya umeme kichwani. Hii huanza ndani ya siku chache tangu kupunguza, na ukirudisha dozi hupotea upesi. Sonona inayorudi kwa kawaida huja polepole, baada ya wiki au miezi, na haileti hizo shoti.

Ile hesabu ya protini zilizokaliwa inatusaidia na hapa. Sitalopramu miligramu 20 inakalia takriban asilimia 80. Ukishuka hadi kama 9, bado ni kama 70. Ukishuka hadi 3 na kidogo, bado ni nusu. Kutoka 20 kwenda 10 mwili hauhisi sana, na hapo ndipo watu wanapojiamini wakaacha kabisa, kumbe wameruka kutoka karibu asilimia 70 hadi sifuri. Hatua za mwisho ndizo zinazotakiwa kuwa ndogo. Anza na nusu kidonge kila siku kwa wiki nne, kisha robo kwa wiki nne nyingine, na chini ya hapo daktari akuangalizie kama sitalopramu ya maji inapatikana, kwa kuwa vidonge havikatiki vizuri zaidi ya hapo. Usimeze siku moja na kuruka siku moja. Sitalopramu inapungua haraka mno kwa mtindo huo, na siku unayoruka mwili utaihisi.

Mwambie mumeo au mtu wa karibu ni dalili zipi zilianza mara ya kwanza ulipougua. Kama kwako ilikuwa kuamka saa tisa usiku na kutolala tena, basi hiyo ndiyo ya kuangaliwa, na ikirudi wiki mbili mfululizo, mnarudi kliniki.